Swali Gumu kwa Nani? Jumla ya Alama na Nadharia ya Mwitiko wa Swali

Februari 2013, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika Tanzania mwaka uliotangulia yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Mjadala ukagawanyika papo hapo. Kuna waliosema watoto hawakufundishwa, na kuna waliosema mtihani ulikuwa mgumu au madaraja yalipangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mei mwaka huohuo serikali ikatangaza kuyafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa awali. Idadi ya waliofaulu ikapanda, ingawa hakuna mtahiniwa aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Mzazi akabaki na swali la haki kabisa: ikiwa mtoto anaweza kutoka kwenye kufeli akaingia kwenye kufaulu bila kugusa kalamu, zile alama zilikuwa zinapima nini?

Mkanganyiko wa pili ni wa kimyakimya, na unawahusu zaidi walimu. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila swali, zenye chati za rangi ya kijani, njano na nyekundu kuonyesha wapi watahiniwa walifanya vizuri, wastani au vibaya. Jina la taarifa hizo, hasa kwa Kiingereza, limefanana mno na jina la nadharia ya mwitiko wa swali, na ni rahisi kudhani kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Taarifa zile zinahesabu asilimia ya waliopata na waliokosa, na hesabu hiyo ni ya jadi. Nadharia ya mwitiko wa swali huanza pale asilimia zinapoishia. Tofauti kati ya njia hizi mbili ndiyo inayoamua kama tunaweza kusema, kwa uhakika wowote, kwamba mtihani wa mwaka huu ulikuwa mgumu kuliko wa mwaka jana.

Hesabu ya jadi

Mzizi wa njia ya jadi ni wazo la Charles Spearman, Mwingereza aliyeandika mwaka 1904: alama tunayoiona ni alama ya kweli ya mtu ikichanganyika na kosa la upimaji. Mtoto anayestahili 60 anaweza kupata 56 akiwa na malaria, au 63 akibahatisha vizuri. Kila kitu katika njia hii hujengwa juu ya jumla ya alama. Jumla ndiyo kipimo cha mtahiniwa, na jumla hiyohiyo ndiyo inayotumika kupima ubora wa kila swali.

Ugumu wa swali katika njia hii ni uwiano wa waliolipata. Watahiniwa 300 wakijibu na 165 wakapata, kiwango cha ugumu ni 0.55. (Jina lenyewe linachekesha kidogo, maana kiwango kikipanda swali linakuwa rahisi zaidi. Limezoeleka hivyo, na kila kizazi cha walimu hukanganyikiwa nalo mara moja kisha husahau.)

Utofautishi, yaani uwezo wa swali kutenganisha wanaojua na wasiojua, hupatikana kwa kupanga karatasi kuanzia jumla kubwa hadi ndogo, kisha kuchukua kundi la juu na kundi la chini. Truman Kelley alionyesha mwaka 1939 kwa nini asilimia 27 kila upande ni chaguo zuri: ukichukua wachache zaidi makundi yanatofautiana sana lakini ni madogo mno, ukichukua wengi zaidi makundi yanakuwa makubwa lakini yanafanana. Kwa watahiniwa 300, kila kundi lina watu 81. Wakipata swali 63 wa juu na 27 wa chini, tofauti ni 36, na 36 ukigawa kwa 81 ni 0.44. Hilo ni swali zuri. Ingekuwa hasi, maana yake wanaojua wanalikosa na wasiojua wanalipata, na mara nyingi mwongozo wa kusahihishia una jibu lisilo sahihi.

Nguvu ya njia hii isidharauliwe. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 anaweza kuifanya jioni moja kwa kalamu na daftari. Haidai dhana nyingi kuhusu akili ya mtoto, na mzazi anaielewa. Kosa baya kuliko yote katika mtihani, yaani jibu lisilo sahihi kwenye mwongozo, huonekana hapa mapema kuliko mahali pengine popote.

Udhaifu wake umejificha ndani ya neno moja: 0.55 ya nani? Chukua swali moja la kujumlisha sehemu, lipeleke katika shule mbili. Katika shule inayochagua wanafunzi wake, 70 kati ya 100 wanalipata. Katika shule ya kata yenye walimu wachache, wanalipata 30. Swali halijabadilika hata nukta, lakini kwa hesabu ya jadi lina viwango viwili vya ugumu, na vyote viwili ni sahihi. Kiwango hicho kinaeleza jinsi swali lilivyokutana na kundi fulani la watoto. Kukigawa ili ujue sehemu ipi ni ya swali na ipi ni ya watoto hakuwezekani kwa hesabu hiyo peke yake.

Utofautishi nao una ugonjwa huohuo. Katika shule ambayo wanafunzi wote wana uwezo unaokaribiana, kundi la juu na la chini hayaachani sana, na swali zuri litaonekana dhaifu kwa sababu tu hakuna wa kumtofautisha. Jumla ya alama inaathirika vilevile. Alama 65 kwenye karatasi ya 2011 na 65 kwenye karatasi ya 2012 ni tarakimu zinazofanana tu, na hakuna kitu ndani ya nadharia ya jadi kinachosema zina thamani moja.

Swali na mtu kwenye rula moja

Jibu la tatizo hili lilikuja kutoka pande mbili ambazo mwanzoni hazikuwa zikizungumza. Marekani, Frederic Lord alichapisha nadharia yake ya alama za majaribio mwaka 1952. Denmark, mtaalamu wa hisabati Georg Rasch alitoa kitabu chake mwaka 1960, akiwa ameanza na majaribio ya kusoma ya watoto na vipimo vya askari. Mwaka 1968 Lord na Melvin Novick walitoa kitabu kikubwa kilichokuwa na sura za Allan Birnbaum, na sura hizo ndizo zilizoweka mlinganyo unaotumika mpaka leo.

Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Badala ya kuuliza ni wangapi walipata swali, tunauliza: mtu mwenye uwezo wa kiwango hiki ana uwezekano gani wa kulipata? Uwezo wa mtu na ugumu wa swali vinawekwa kwenye rula moja. Mtu akiwa juu ya swali, uwezekano wake unapita nusu. Akiwa chini yake, unashuka chini ya nusu. Mlinganyo ni huu:

```
P(θ) = 1 / (1 + e^(-a(θ - b)))
```

Herufi θ ni uwezo wa mtahiniwa. Herufi b ni ugumu wa swali: mahali kwenye rula ambapo uwezekano wa kulipata ni 0.50 hasa. Herufi a ni utofautishi, yaani jinsi uwezekano unavyopanda kwa ukali mtu anapolipita swali. Rula hii haina sifuri ya asili, kama vile urefu wa mlima unavyohitaji tukubaliane tuanzie usawa wa bahari. Mara nyingi sifuri huwekwa kwenye wastani wa kundi lililotumika kukadiria, na kizio kimoja kikawa mkengeuko sanifu mmoja wa kundi hilo. Uamuzi huo unaonekana mdogo, ila una matokeo makubwa, na tutaurudia.

Rudi kwenye swali letu la sehemu. Tuseme b yake ni 0 na a yake ni 1. Mtoto mwenye uwezo wa 1 ana uwezekano wa 0.73 wa kulipata, na mwenye uwezo wa -1 ana 0.27. Ikiwa shule teule ina wastani wa 1 na shule ya kata ina wastani wa -1, na ndani ya kila shule watoto wametawanyika kwa kizio kimoja, wastani wa uwezekano huo unatoa takribani 0.70 na 0.30. Zile asilimia mbili zilizokuwa zikigombana zimepatana. Swali ni moja, b ni moja, kilichotofautiana ni mahali watoto walipo kwenye rula.

Swali linatofautisha wapi?

Watu wengi wakisikia maelezo hayo huona b ni ile asilimia ya jadi iliyovalishwa nguo mpya, na a ni ule utofautishi wa makundi mawili. Ndani ya kundi moja hawako mbali na ukweli, kwani vipimo hivyo hupanda na kushuka pamoja. Kinachotengana ni kitu kingine. Utofautishi wa jadi ni namba moja kwa kundi zima. Katika nadharia ya mwitiko, swali linatofautisha mahali fulani, na mahali hapo ni karibu na b yake. Mbali na hapo halitofautishi, hata a yake iwe kubwa namna gani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Swali la kusoma, la sentensi mbili fupi, lina b ya -1.5 na a ya 2. Mtoto mwenye uwezo wa -2 ana uwezekano wa 0.27 wa kulipata. Mwenye -1 ana 0.73. Mwenye 0 ana 0.95, na mwenye 1 ana 0.99. Kutoka -2 hadi -1 uwezekano umeruka kwa asilimia 46. Kutoka 0 hadi 1 umesogea kwa asilimia 4 tu. Kwa watoto wa chini swali hili ni kisu kikali, kwa watoto wa kati na wa juu ni kisu butu.

Sasa lipeleke kwenye kamati inayotumia njia ya jadi. Katika kundi la kawaida la nchi nzima, lenye wastani wa sifuri, takribani watoto 87 kati ya 100 watalipata. Miongozo mingi ya utungaji hupendekeza kubaki na maswali ya kati, na hutilia shaka lolote linalopita 0.80. Kamati italiandika "rahisi mno" na kulitupa. Kama mtihani ni wa kuchagua wanafunzi wa shule za vipaji, kamati imefanya vyema. Kama lengo ni kuwabaini watoto waliofika darasa la nne bila kujua kusoma, imetupa swali bora kuliko yote iliyokuwa nayo. Ile namba 0.87 haikuweza kuwaambia tofauti, kwa sababu inachanganya wapi swali lipo na nani aliyeketi mbele yake.

Nadharia mpya huipima faida hii kwa kitu kinachoitwa taarifa ya swali, ambayo ni a ikizidishwa kwa a, kisha kwa uwezekano wa kupata na uwezekano wa kukosa. Taarifa za maswali hujumlishwa, na kosa la makadirio ni 1 ukigawa kwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Chukua karatasi yenye maswali 20 kama lile la kusoma. Kwa mtoto aliye kwenye -1.5 jumla ya taarifa ni 20, na kosa ni 0.22. Kwa mtoto aliye kwenye 0 kosa ni 0.53. Kwa aliye kwenye 1 kosa ni 1.37, yaani karatasi hiyo haijui lolote la maana juu yake. Amepata 19 au 20, basi. Njia ya jadi ilivyozoeleka ingetoa kosa moja kwa watoto wote watatu.

Hapa ndipo kazi ya mtunzi wa mtihani inapobadilika. Badala ya kutafuta maswali "mazuri" kwa ujumla, anaanza kwa kuuliza uamuzi utafanyika wapi kwenye rula. Mtihani wenye mstari mmoja wa kufaulu unahitaji maswali yaliyojaa karibu na mstari huo. Mtihani wa madaraja matano unahitaji maswali yaliyotawanyika kwenye mipaka minne, na utagharimu maswali mengi zaidi kwa usahihi uleule. Hakuna karatasi fupi inayoona vizuri kila mahali.

Ugomvi wa ndani: Rasch na Birnbaum

Waliokubali nadharia hii hawakukubaliana wao kwa wao, na ugomvi wao unagusa haki kuliko hisabati. Rasch alishikilia kwamba maswali yote ya kipimo kimoja yawe na mteremko sawa, na kwamba yanayotofautiana yachunguzwe na ikibidi yaondolewe. Birnbaum na Lord waliona maswali halisi hayana mteremko sawa, basi mlinganyo uufuate ukweli.

Matokeo yake yanaonekana mara moja kwenye alama. Katika modeli ya Rasch, ukijua mtu amepata maswali mangapi kati ya yaleyale, umejua yote yanayohitajika kukadiria uwezo wake. Jumla ya alama inarudi ikiwa na heshima yake. Katika modeli ya Birnbaum, kila swali lina uzito sawa na a yake. Tuseme maswali matatu yana a ya 2, 1 na 0.5. Asha amepata la kwanza na la pili, uzito wake ni 3. Juma amepata la pili na la tatu, uzito wake ni 1.5. Wote wamepata mawili kati ya matatu, lakini Asha atawekwa juu.

Hapo pana jambo ambalo hata wasomi hulikosea. Wengi hudhani nadharia hii inampa alama zaidi aliyepata maswali magumu. Kwa watu waliofanya karatasi moja, haifanyi hivyo. Katika modeli hizi mbili b haiingii kabisa kwenye uzito wa jibu, na kinachomtanguliza Asha ni a peke yake. Ugumu huleta tofauti pale watu wanapofanya karatasi tofauti: kupata 12 kwenye karatasi ngumu huashiria uwezo mkubwa kuliko kupata 12 kwenye karatasi rahisi.

Upande wa Birnbaum hufaidika na usahihi kidogo zaidi, na hautupi maswali yenye mteremko wa pekee. Hasara yake ni kumweleza baba yake Juma kwa nini mawili ya mwanawe si sawa na mawili ya jirani. Upande wa Rasch hujieleza kwa urahisi na hutosheka na sampuli ndogo, ila huweza kutupa swali zuri kwa kosa la kutofanana na wenzake, au kulazimisha usawa usiokuwepo.

Ipo na modeli ya tatu, inayoongeza kiwango cha chini cha kubahatisha. Swali lenye majibu manne ya kuchagua hata asiyejua kitu hulipata mara moja kati ya nne, na mlinganyo wa kawaida hauoni hilo. Lakini kiwango hicho hukadiriwa kwa majibu ya watahiniwa dhaifu mno, ambao kwenye sampuli nyingi ni wachache, na ndiyo maana modeli hii hudai watahiniwa elfu moja na zaidi. Rasch huweza kuanza kufanya kazi kwa mia moja au mia mbili.

Tafiti kubwa zimechagua njia tofauti. SACMEQ, muungano wa kupima elimu ya darasa la sita kusini na mashariki mwa Afrika ambao Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar zilishiriki, ulitumia Rasch na kuweka wastani kwenye 500 na mkengeuko sanifu kwenye 100. TIMSS hutumia modeli yenye kubahatisha kwa maswali ya kuchagua. PISA ilikaa na Rasch hadi 2012, kisha mwaka 2015 ikaruhusu miteremko itofautiane. Kama wataalamu hao wenye kila nyenzo hawajakubaliana, asitokee mtu wa kutuambia kwamba programu ya kompyuta imemaliza mjadala.

Kupima miaka miwili

Turudi kwenye kelele za 2013, maana hapo ndipo nadharia mpya inapotoa ahadi yake kubwa, na ndipo inapodanganya wasioijua.

Husemwa kwamba b haitegemei kundi. Ni kweli kwa sharti. Sifuri ya rula, tulisema, huwekwa kwenye wastani wa kundi. Ukikadiria karatasi ya mwaka wa kwanza peke yake na ya mwaka wa pili peke yake, una rula mbili zenye sifuri mbili, na kuzilinganisha ni sawa na kulinganisha Kilimanjaro na Ruwenzori huku mmoja ukipimwa kutoka baharini na mwingine kutoka ziwani. Lazima kuwe na maswali ya nanga: maswali yaleyale yaliyofanywa na makundi yote mawili.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi nanga zinavyofanya kazi. Karatasi mbili zina maswali 15 ya pamoja. Kwenye rula ya mwaka wa kwanza wastani wa b zake ni 0.20, kwenye rula ya mwaka wa pili ni 0.50. Maswali hayajabadilika. Yameonekana magumu zaidi kwa 0.30 kwa sababu kundi la pili, ambalo wastani wake ndio sifuri ya rula yake, liko chini kwa 0.30. Sasa tazama maswali yasiyo ya pamoja. Mwaka wa kwanza wastani wa b zake ulikuwa 0, na mwaka wa pili, kwenye rula yake yenyewe, 0.60. Ondoa 0.30 ili kuyaleta kwenye rula ya kwanza, yanabaki 0.30. Basi maswali mapya yalikuwa magumu zaidi kwa 0.30, na watoto nao walikuwa dhaifu zaidi kwa 0.30. Pande zote mbili za mjadala zilikuwa sahihi, nusu kwa nusu. Asilimia za waliofaulu, hata zingeandikwa kwa rangi ngapi, zisingeweza kuugawa mzigo huo.

Nanga zenyewe huchunguzwa moja moja. Kumi na nne zikipanda kwa karibu 0.30 na moja ikashuka kwa 0.90, hiyo moja imekuwa rahisi ghafla. Huenda ilivuja, huenda imefundishwa kama mfano katika vitabu vya mazoezi, huenda mchoro wake umechapwa wazi zaidi. Vyovyote iwavyo haifai tena kuwa nanga, na huondolewa kwenye hesabu.

Gharama ni kwamba nanga lazima ziwe siri. Katika nchi zetu karatasi ya mtihani hutoka chumbani na kuwa mali ya umma. Mitihani iliyopita hurudufiwa, huuzwa, na hufanyiwa mazoezi usiku na mchana. Desturi hiyo ina faida za kweli: huleta uwazi, na mtoto wa kijijini hupata kuona mtihani unafananaje. Lakini inaua kila nanga inayoweza kuwekwa. Njia ya kuepa ni kujaribu maswali mapya na ya zamani pamoja kwa sampuli ndogo ya shule kabla ya mtihani, ambako wanafunzi hawajitahidi kama siku yenyewe na hatari ya kuvuja ipo palepale, au kuweka sehemu ya siri inayofanywa na shule chache tu kila mwaka.

Mahali modeli inapovunjika

Namba a na b hutoka kwenye programu zikiwa nadhifu hata pale data inapokuwa imevunja masharti. Sharti la kwanza ni kwamba maswali yanapima uwezo mmoja. Fikiria hesabu ya kidato cha pili Tanzania, iliyoandikwa kwa Kiingereza chenye maneno mengi, kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Swali hilo linapima hesabu na lugha kwa pamoja. Litapewa b kubwa, na a inayoweza hata kuonekana nzuri, kwa sababu linawatenganisha vyema wanaojua Kiingereza. Dalili yake hupatikana kwa kulinganisha makundi: watoto wenye uwezo sawa kwa jumla, mmoja kutoka shule ya mchepuo wa Kiingereza na mwingine kutoka shule ya Kiswahili, wakiwa na uwezekano tofauti wa kulipata swali lilelile, swali limebeba kitu kingine mgongoni.

Sharti la pili ni kwamba jibu la swali moja lisitegemee jibu la lingine. Kipengele (b) kinachotumia jibu la kipengele (a) hulivunja moja kwa moja, na maswali sita ya ufahamu wa kifungu kimoja hulivunja kidogo. Modeli itahesabu taarifa moja mara mbili, na kosa la makadirio litaonekana dogo kuliko lilivyo. Muda nao huharibu: maswali ya mwisho yaliyoachwa wazi na wengi hupewa ugumu ambao kwa kweli ni wa saa iliyokwisha. Njia ya jadi haisalimiki na maradhi haya, ila yenyewe haikuwahi kuahidi mengi.

Kupima pande zote

Kwa mwalimu wa darasa sioni sababu ya kuacha asilimia na makundi mawili. Watoto 40 hawatoshi kukadiria mteremko wowote, na anachohitaji ni kujua swali lipi halikueleweka na mwongozo wake una kosa wapi. Hata taasisi kubwa inapaswa kuanzia hapo, kwa sababu swali lenye utofautishi hasi lisipotolewa mapema litasumbua makadirio ya mengine yote.

Kwa mtihani wa taifa, uzani wangu unaelemea Rasch nyuma ya pazia na jumla ya alama mbele. Mtahiniwa aendelee kupata alama anayoweza kuihesabu mwenyewe na kuikatia rufaa, huku wapangaji wakitumia b kuchagua maswali ya kuzunguka mipaka ya madaraja, na nanga kuamua mpaka wa mwaka huu uwe wapi. Mpaka ukisogea kutoka 30 hadi 27, pawepo maelezo: karatasi ilikuwa ngumu kwa kiasi hiki, na hivi ndivyo tulivyojua. Mpaka usiosogea kamwe unajifanya haki wakati unawaadhibu waliopangiwa karatasi ngumu. Mpaka unaosogezwa ili asilimia ya waliofaulu ifanane na ya mwaka jana unaficha kushuka kwa elimu, iwapo imeshuka. Modeli ya Birnbaum na ile ya kubahatisha naziona zinafaa zaidi kwa tafiti za kitaifa na kimataifa, ambako hakuna mtoto anayepewa cheti, sampuli ni kubwa, na kila mtoto anaweza kufanya kijitabu tofauti.

Na kwa 2012 yenyewe? Bila maswali ya pamoja kati ya karatasi hiyo na za miaka iliyoitangulia, hakuna modeli inayoweza kugawa anguko lile kati ya ugumu wa karatasi na udhaifu wa maandalizi, hata leo mtu akipewa majibu ya kila mtahiniwa, swali kwa swali. Kupanga upya kuliweza kubadili mahali mipaka ilipowekwa. Kusema mipaka ipi ilikuwa sahihi kulihitaji maswali 15 hivi ambayo yangepaswa kufungiwa kabatini mwaka mmoja kabla.